Dakika Kumi za Kukandamiza, Dakika Ishirini za Maji: Kisa cha Somo Moja la Huduma ya Kwanza

Somo ninalolichambua hapa lilitolewa kwa wanafunzi 24 wa kidato cha pili, wenye umri wa miaka 14 hadi 16, katika shule moja ya sekondari ya kutwa mkoani Tanga. Tulipewa vipindi viwili mfululizo vya dakika 40, nami nilikuwa mkufunzi wa kujitolea nikisaidiwa na matroni wa shule. Mada zilikuwa mbili tu, kuvuja damu na kuungua. Uongozi wa shule ulitamani tuongeze kuzimia, kuvunjika mifupa na kuumwa na nyoka, lakini niliomba radhi nikakataa, kwa kuwa dakika 80 hazitoshi hata kwa hizo mbili iwapo kila mwanafunzi atatakiwa kuzifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Sababu ya msimamo huo ni somo nililolifundisha mwaka uliotangulia katika shule nyingine, ambalo kwa maoni yangu lilishindwa, ingawa kila aliyelitazama alilisifu. Nilieleza kwa dakika 50, wanafunzi wakaandika vizuri madaftarini, kisha nikawagawa wawiliwawili wafanye mazoezi kwa muda uliobaki. Kila jozi iliweka kitambaa juu ya mkono, ikakandamiza kwa sekunde kama 20, ikatangaza kwamba imemaliza. Kwenye kuungua, walimwagia mkono kikombe kimoja cha maji wakakaa. Nilipowauliza jeraha la moto lipozwe kwa muda gani, wote walijibu kwa sauti moja: "Dakika ishirini!" Walikuwa wanaijua namba, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama akimwaga maji kwa dakika 20, wala aliyejua jinsi dakika hizo zinavyokuwa ndefu mtoto anapolia na jirani anaposema inatosha, mpakeni dawa ya meno sasa.

Siku hiyohiyo kulitokea jambo jingine lililonisumbua zaidi. Mvulana mmoja alifungwa bandeji kwenye mkono, chini ya kiwiko, na mwenzake aliyekuwa na nguvu na bidii. Alikaa kimya muda wote. Nilipopita nikamshika vidole nikakuta ni vya baridi, na nilipobonyeza ukucha wake ukawa mweupe ukabaki mweupe nikihesabu moja, mbili, tatu, nne. Tulifungua bandeji mara moja, rangi ikarudi, na hakupata madhara. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba alidhani ndivyo inavyotakiwa, na tena hakutaka kuonekana hawezi kuvumilia. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliwaambia wawe waangalifu bila kuwapa jambo la kufanya ili uangalifu huo uonekane.

Kwa hiyo mpango wa Tanga niliuanza na namba mbili: dakika 10 za kukandamiza bila kuachia, na dakika 20 za maji bila kukatiza. Hizo niliziandika kwanza kwenye karatasi kama nguzo za somo, kisha nikatafuta mahali pa kuweka maelezo. Jibu lilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea, kwani maelezo yaliingia ndani ya muda wa kusubiri. Mwanafunzi anayekandamiza kitambaa kwa dakika 10 ana mikono yenye kazi, lakini masikio yake hayana kazi. Huo ndio wakati wa kumweleza kwa nini anafanya anachofanya, na hapo anasikiliza kuliko akiwa amekaa kwenye dawati.

Wiki moja kabla, barua ilikwenda kwa wazazi kupitia kwa mkuu wa shule. Iliomba ruhusa na kuuliza mambo machache: kama mtoto anadhurika na mpira wa glovu, kama ana kidonda au ugonjwa wa ngozi mikononi, kama ana kifafa, na kama huzimia akiona damu. Majibu yaliyorudi yalibadilisha mpango mara mbili. Wanafunzi wawili walitajwa kuwa huzimia, kwa hiyo niliacha wazo la kutengeneza damu ya bandia kwa rangi nyekundu. Wala sikujuta, maana rangi hiyo ingechafua mashati meupe ya sare, na mzazi anayefua shati kwa nusu saa hawezi kulipenda somo. Mwingine alikuwa na vipele mikononi kila avaapo glovu za mpira, hivyo nilitafuta glovu za plastiki kwa ajili ya jozi yake nzima ili asionekane wa pekee.

Jozi zilipangwa wasichana kwa wasichana na wavulana kwa wavulana, kila mmoja akichagua mwenzake. Sikuona haja ya kuwalazimisha vijana wa umri huo wagusane na mtu wasiyemzoea, na aibu ni adui wa mazoezi: mwanafunzi anayeona aibu hugusa kwa ncha za vidole, naye anayegusa kwa ncha za vidole hajifunzi kukandamiza. Mazoezi yote yalifanyika kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye vidole tu. Hakuna aliyeguswa shingoni, kifuani, usoni wala mguuni.

Kanuni za usalama zilikuwa tano, na zilisemwa kabla ya mtu kugusa kifaa chochote. Neno "acha" likitamkwa na yeyote, mikono yote huondoka papo hapo bila kuuliza sababu. Anayefanya kazi ya majeruhi huulizwa kila dakika mbili na mwenzake kama anahisi ganzi, baridi au maumivu, naye lazima ajibu kwa maneno, si kwa kutikisa kichwa. Kila bandeji ikishafungwa, mfungaji hubonyeza ukucha wa mwenzake mpaka uwe mweupe kisha huachia, na rangi isiporudi ndani ya sekunde mbili, bandeji hulegezwa. Hakuna moto, maji ya moto, wembe wala kisu mahali pa somo, hata kwa mfano. Na mwenye kidonda halisi mkononi hawi majeruhi, bali huwa mtoa huduma muda wote akiwa na glovu. Ile ya pili na ya tatu zilitokana moja kwa moja na yule mvulana aliyenyamaza, nami ndizo ninazozithamini kuliko zote, kwa sababu hazimtegemei anayeumia apate ujasiri wa kulalamika.

Sehemu ya kuvuja damu ilianza kwa chupa za soda. Kila jozi ilipewa chupa moja ya lita moja na nusu iliyojaa maji, yenye tundu dogo ubavuni, karibu na kitako, nililotoboa nyumbani kwa msumari uliopashwa moto. Nilichagua chupa za soda badala ya zile za maji kwa kuwa za maji ni laini, zinabonyea na kurusha maji nje zinapokandamizwa. Kizibo kikifungwa kabisa, maji karibu yote hukoma kutoka. Kikilegezwa, yanaanza kumwagika. Mmoja alishika chupa juu ya beseni na kulegeza kizibo, mwingine akakunja kitambaa mara nne na kukikandamiza juu ya tundu.

Kifaa hiki hufundisha mambo mawili ambayo maneno hayawezi kuyafundisha. La kwanza ni mahali. Mwanafunzi aliyeweka kiganja kizima juu ya kitambaa kikubwa aliona maji yakipenya pembeni, lakini alipotafuta tundu lilipo na kuelekeza nguvu hapo, yalipungua mara moja. La pili ni kishawishi cha kuchungulia. Karibu kila jozi ilinyanyua kitambaa kabla ya dakika mbili kupita ili kuona kama maji yamekoma, na kila iliponyanyua, maji yaliruka tena. Hapo nilisimamisha kazi nikawaeleza kwamba mwilini hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu damu inapoanza kuganda hutengeneza kizibo chake yenyewe, na anayenyanyua kitambaa hukibandua kizibo hicho. Chupa ina upungufu wake, na sikuuficha: maji hayagandi, kwa hiyo hata wakikandamiza dakika 10 kamili, wakiachia yatatoka tu. Nisingelisema hilo, wangeondoka wakiamini kwamba kukandamiza hakumalizi tatizo.

Baada ya chupa tulihamia kwenye mikono ya watu, na hapa ndipo dakika 10 zilipohesabiwa kwa saa ya ukutani. Majeruhi alikaa chini, mtoa huduma akavaa glovu na kukandamiza kitambaa kwa nguvu ya wastani. Nguvu kamili walikwisha kuifanyia kwenye chupa, na hapakuwa na sababu ya kumuumiza mwenzao. Wakati wakikandamiza nilieleza mengine taratibu. Kitambaa kikilowa, kingine huwekwa juu yake bila kuondoa cha kwanza, na hicho cha pili nacho kikilowa, ni dalili kwamba mkono hauko penyewe, hivyo vyote huondolewa na kuanza upya juu ya mahali damu inapotoka. Kitu kilichochoma na kubaki mwilini, kama kipande cha chupa au msumari, hakichomolewi, bali hukandamizwa pande zake. Ambaye hana glovu atumie plastiki safi, au amwambie majeruhi mwenyewe ajikandamize kwa mkono wake, njia ambayo wengi huisahau ingawa ni ya haraka kuliko zote. Msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, na kahawa ya unga je? Nyumbani bibi huweka kahawa." Nilimjibu kwamba bibi huweka kahawa kisha hushika mahali pale kwa nguvu, na kinachozuia damu ni huko kushika. Kahawa yenyewe, kama ilivyo tumbaku au utando wa buibui, huingiza uchafu ambao mganga atalazimika kuuosha kwenye kidonda kibichi.

Dakika ya saba mikono ilianza kuchoka. Niliwaona wakibadili mkao, wengine wakinyoosha viwiko ili uzito wa mwili ndio ukandamize, jambo ambalo sikuwa nimewafundisha bado. Wameligundua kwa uchovu. Nilipowaeleza kwamba huo ndio mkao sahihi kwa damu inayotoka kwa wingi, walikwisha kuujua.

Sikuwafundisha kufunga kamba ya kukaza kwa kijiti juu ya jeraha ili kukata damu isipite kabisa. Njia hiyo huokoa maisha pale damu ya mkono au mguu inaporuka na kukandamiza kukashindwa, lakini kuifanyia mazoezi kwa vijana wawiliwawili, wakufunzi wawili kwa wanafunzi 24, ni kualika yale ya bandeji kwa ukubwa zaidi. Niliwaambia kwamba ipo, kwamba hufundishwa katika kozi ndefu, na kwamba kazi yao ni kukandamiza kwa nguvu zote huku mwingine akikimbia kuita msaada. Wakufunzi wenzangu wengine hawakubaliani nami katika hili, nami naheshimu hoja yao, lakini uamuzi wangu kwa somo la dakika 80 unabaki huo.

Kuvua glovu kulichukua dakika tano: kushika glovu ya kwanza kwa nje karibu na kifundo cha mkono, kuigeuza ndani nje, kuishikilia kwenye kiganja chenye glovu, kisha kuingiza kidole kitupu ndani ya glovu ya pili na kuigeuza juu ya ile ya kwanza. Baada ya hapo ni sabuni na maji.

Sehemu ya kuungua tuliifanyia nje, chini ya mwembe, kwa sababu maji yakimwagika kwenye sakafu ya saruji ya darasa mtu huteleza. Hesabu ya maji ilinipa kazi. Jagi la lita moja likimwagwa polepole kwa dakika moja, dakika 20 zinahitaji lita 20, yaani ndoo nzima, na jozi 12 zingehitaji ndoo 12. Shule yenyewe hununua maji. Nilichofanya ni kuipa kila jozi beseni na lita tano, jumla ndoo tatu, mkono ukawa juu ya beseni na maji yakichotwa na kumwagwa tena. Nililazimika kulisema wazi na kulirudia, kwamba tunarudia maji kwa kuwa tunamwagia ngozi isiyo na jeraha, lakini kwenye jeraha halisi maji yawe safi na ya ubaridi wa kawaida, yasiwe ya barafu, kwani barafu huumiza zaidi ngozi iliyokwisha kuungua. Mwishoni maji yote yalikwenda kwenye miche ya shule.

Kabla ya maji kuanza, kila mtoa huduma alitakiwa kusema na kuonyesha mambo matatu kwa mpangilio: kuondoa chanzo cha moto au kuzima umeme, kumwondoa majeruhi hapo, na kumvua pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi huachwa. Kisha maji yakaanza, nasi tukatazama saa. Katikati, dakika ya 10, waliokuwa wakimwaga walipokezana na majeruhi, na majeruhi mpya aliweka mkono wake mahali uleule ili mwago usikatike.

Hizo dakika 20 ndizo nilizozisubiri mwaka mzima. Dakika ya nne kulikuwa na vicheko. Dakika ya nane wakaanza kuniangalia, na mvulana mmoja akauliza kama hazijaisha. Nilimwambia amuulize mwenzake swali lile la kila dakika mbili. Ndani ya ukimya huo nilieleza kwamba joto haliishi ngozi inapoachana na uji au mafuta, bali huendelea kushuka kwenye tabaka za chini, na maji huliondoa kidogokidogo. Kwamba hata aliyechelewa anafaidika na maji ndani ya saa tatu tangu kuungua. Na kwamba mtoto mdogo aliyeungua sehemu kubwa hupata baridi haraka, kwa hiyo sehemu ambazo hazikuungua hufunikwa kwa khanga wakati maji yakiendelea.

Ilipofika zamu ya kuzungumzia dawa ya meno, yai na unga wa ngano, msichana mmoja alikunja mkono wa sweta yake bila kuombwa. Alikuwa na kovu pana lililong'aa kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. "Mimi walinipaka yai," alisema, "halafu hospitali wakalisugua lote. Nakumbuka kule kusugua kuliko kuungua." Sikuwa nimepanga kumuuliza mtu yeyote kuhusu kovu lake, na nisingethubutu, lakini alichosema kilieleza vizuri kuliko maelezo yangu kwamba chochote kinachopakwa hufunika joto ndani, humzuia mganga kuona kina cha jeraha, na lazima kiondolewe. Nilimshukuru. Niliongeza tu, kwa faida ya wote, kwamba waliopaka yai walipaka kwa mapenzi na kwa kile walichokijua.

Kufunika jeraha kulihitaji marekebisho. Vitabu vingi husema itumike karatasi laini ya plastiki ya kufungia chakula au mfuko safi wa plastiki, kwa kuwa plastiki haigandi kwenye kidonda. Nyumba nyingi za wanafunzi hawa hazina karatasi hiyo, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Kwa hiyo tulifanya mazoezi kwa kipande cha khanga safi iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, ambayo haiachi nyuzi, ikiwa imelowanishwa kidogo kwa maji safi na kulazwa juu ya mkono bila kuzungushwa wala kukazwa. Nani apelekwe kituo cha afya tulilipima kwa kiganja: jeraha linalozidi kiganja cha majeruhi mwenyewe pamoja na vidole, au lolote lililoko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, au lililotokana na umeme au kemikali, na lolote la mtoto mdogo. Malengelenge hayatumbuliwi.

Dakika nane zilizobaki zilitumika kwa jaribio. Niliita jozi moja moja kando, nikawaambia kwamba mtoto wa miaka mitatu amevuta sufuria ya chai na mkono umeungua, wafanye. Nilipima mambo mawili tu: kama walianza na maji kabla ya kutafuta kitu cha kupaka, na kama aliyemwaga alimteua mtu wa kutazama saa. Muda ulitosha jozi saba. Sita zilianza na maji. Tatu tu ndizo zilizomteua mtu wa kutazama saa. Nyingine zilikadiria, na moja iliacha baada ya dakika moja na nusu kwa kuamini kwamba tayari ni "muda mrefu".

Kwa sababu hiyo mpango nimeubadilisha sehemu moja kabla ya kuurudia. Anayetazama saa sasa ni kazi yenye mtu wake: jozi mbili zinaungana kuwa watu wanne, mmoja akimwaga, mmoja akiwa majeruhi, mmoja akichota maji, na mmoja asiyefanya lolote ila kutazama saa na kutaja dakika kwa sauti. Jozi tano ambazo hazikujaribiwa zimepangiwa dakika 15 wiki mbili baadaye, wakati wa klabu ya Ijumaa, na matroni atawaita bila kuwaarifu kabla.